Mdomo Umetangulia, Sauti Iko Njiani

Malalamiko yakimfikia mhariri wa video za harusi, mara nyingi huwa ya aina mbili. Kwanza ni picha kuota meno: bibi harusi anapogeuka kwa haraka, ukingo wa shela lake unakatika mistari mistari ya kulala, kama meno ya kitana. Pili ni sauti kuachana na mdomo: mjomba anatoa nasaha, lakini ameshafumba mdomo na maneno bado yanatoka. Mteja huona ni uzembe. Mhariri naye hulaumu kompyuta, au programu, au aliyeleta klipu. Ukweli ni kwamba kasoro hizi mbili zimezaliwa kwa kupishana miaka mingi, ila mzazi wao ni mmoja: faili lina hesabu yake ya muda, na programu ya kuhariri imelisoma kwa hesabu nyingine.

Tuchukue kazi moja ya kawaida ya Dar es Salaam. Familia inataka video ya harusi ya binti yao, na mwanzoni kabisa iwekwe sehemu ya harusi ya wazazi iliyorekodiwa mwaka 2001 kwenye kanda ndogo ya MiniDV. Harusi yenyewe imerekodiwa kwa kamera ya mkononi iliyowekwa kwenye `50i`. Shangazi, aliyekaa meza ya mbele, amerekodi dakika 10 kwa simu yake, na ndiye peke yake aliyemnasa mjomba kwa karibu. Mhariri ana vyanzo vitatu na taimlaini moja.

Tuanze na meno, maana ndiyo ya zamani zaidi.

Novemba 1936 BBC ilipoanza matangazo ya kawaida ya televisheni kutoka Alexandra Palace, London, ilikuwa na mifumo miwili iliyopeana zamu. Wa John Logie Baird ulichora picha nzima yenye mistari 240, kutoka juu hadi chini, mara 25 kwa sekunde. Wa Marconi-EMI ulikuwa na mistari 405, lakini haukuichora yote kwa mkupuo. Ulichora kwanza mstari mmoja na kuruka mmoja hadi chini, kisha ukarudi juu kujaza ile iliyorukwa. Kila nusu ilichukua sehemu 1 ya 50 ya sekunde, hivyo kioo kiliwaka mara 50 kwa sekunde ingawa picha kamili zilikuwa 25 tu. Jicho la binadamu husumbuliwa na mwanga unaowaka na kuzima mara 25 kwa sekunde. Ukifika mara 50 hutulia. Mapema mwaka 1937 mfumo wa Baird ukaachwa. Picha zinazochorwa kwa nusu zilishinda kwa sababu zilipunguza kucheza kwa mwanga bila kuongeza mzigo wa matangazo, na ushindi huo ukadumu kwa miongo mingi. Televisheni ya Zanzibar ilipoanza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa kwenye ukoo huohuo, na kamera za nyumbani zilizofika madukani baadaye zikafuata.

Ndiyo maana ya herufi ile ndogo kwenye menyu ya kamera. `50i` ni nusu 50 kwa sekunde. `25p` ni picha nzima 25, na `50p` ni picha nzima 50. Jambo ambalo wengi hulikosa ni kwamba zile nusu mbili hazikupigwa wakati mmoja. Si picha moja iliyokatwa vipande viwili. Ni nyakati mbili tofauti, moja imechelewa kwa sehemu 1 ya 50 ya sekunde, zimelazwa ndani ya fremu moja. Mtu akiwa amesimama tuli, nusu hizo zinakaa sawasawa na huoni kitu. Akitembea, mistari ya kwanza inamwonyesha hapa na ya pili inamwonyesha hatua mbele. Televisheni ya chupa ilizionyesha kwa zamu, kwa hiyo jicho liliona mwendo laini. Kioo cha kompyuta na cha simu huonyesha fremu nzima kwa pamoja, na hapo nyakati mbili zikionekana kwa wakati mmoja, meno yanaota.

Kwa hiyo meno hayako kwenye kanda. Hutokea pale programu inapoambiwa, au inapodhani, kwamba fremu ni picha moja nzima. Hii ndiyo sababu dawa yake si kuyafuta kwa kuifanya picha iwe na ukungu, jambo ambalo nimeliona likifanywa hata kwenye kazi za kulipwa vizuri. Dawa ni kuzitenganisha nusu, kila moja ijaziwe mistari inayokosekana kwa kukisia kutoka kwa jirani zake, na kila moja iwe fremu yake. Nusu 50 zinazaa fremu 50. Ulaini wote wa mwendo unabaki. Programu nyingi za kuhariri, zikiachiwa zenyewe, huchagua njia ya mkato: zinatupa nusu moja na kubaki na fremu 25. Meno yanaondoka kweli, lakini umetupa nusu ya nyakati ulizorekodi, na watu wanaocheza muziki wanaanza kudundadunda.

Kwenye kazi yetu kuna mtego wa ziada, nao ni mpangilio wa nusu hizo. Kanda za DV huanza na nusu ya mistari ya chini. Kamera za `1080i` huanza na nusu ya juu. Kanda ya wazazi na kamera ya harusi ya binti, zote zikiwa za nusu 50, zina mpangilio uliopinduka. Mhariri akiweka kanda kwenye taimlaini iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, na programu ikalazimisha mpangilio wa taimlaini, nusu zinatoka kwa kufuatana hivi: ya 2, ya 1, ya 4, ya 3. Bwana harusi wa 2001 anapiga hatua mbele, anarudi kidogo, anapiga nyingine, anarudi tena. Picha inatetemeka kila kitu kinaposogea na kutulia kila kitu kinaposimama. Ukiona dalili hiyo usihangaike na kompyuta kuwa dhaifu. Ni mpangilio tu.

Namna ya kujua faili ni la aina gani ni kulichunguza kabla ya kuligusa. Programu ya bure ya MediaInfo husoma maelezo ya faili. Kwenye mstari wa `Scan type` inaandika `Interlaced` au `Progressive`, na kwa faili la DV utaona chini yake `Bottom Field First`. Tatizo ni kwamba maelezo yanaweza kudanganya. Kanda nyingi za zamani zimepelekwa kwa fundi akazigeuza kuwa MP4, na kifaa chake kikaandika kwamba ni picha nzima wakati meno yamo ndani. Hapo chunguza picha zenyewe. Kwa anayetumia `ffmpeg`, amri hii hupima fremu 500 na kueleza ilichokiona:

```
ffmpeg -i kanda.avi -vf idet -frames:v 500 -an -f null -
```

Mwishoni itaandika hesabu, zikiwemo hizi tatu: `TFF` kwa zinazoanza na nusu ya juu, `BFF` kwa za chini, na `Progressive` kwa picha nzima. Chagua kipande chenye watu wanaosogea. Kwenye kipande ambacho kila mtu amekaa, nusu hulingana na kipimo hakioni tofauti. Ukishajua, tenganisha:

```
ffmpeg -i kanda.avi -vf bwdif=mode=send_field:parity=bff -c:v libx264 -crf 14 -c:a pcm_s16le kanda50.mov
```

Neno `send_field` ndilo linalosema kila nusu iwe fremu, na `bff` ndilo linalotaja mpangilio. Kwa faili la kamera ya `1080i`, `bff` inageuka kuwa `tff`.

Kuna hali moja ambayo haina dawa. Kama fundi aliipunguza au kuikuza picha kabla ya kutenganisha nusu, mistari ya wakati mmoja imechanganywa na ya wakati mwingine, na hakuna tena mstari ambao ni wa nusu moja tu. Utaona meno mazito yenye mawimbi, au kivuli cha mkono pembeni ya mkono. Ukiona video ya harusi ya 2001 imekuja ikiwa na vipimo vya 1280 kwa 720, tilia shaka mara moja, kwa sababu kanda ya DV ya mfumo wetu ni 720 kwa 576. Omba kanda yenyewe, itolewe upya bila kubadilishwa vipimo. Meno kwa hali hiyo huamuliwa siku ya kuhamisha kanda, si siku ya kuhariri.

Sasa simu ya shangazi.

Hapa hakuna nusu. Simu hurekodi picha nzima, kwa hiyo meno hayamo. Kasoro yake ni kwamba haiendi kwa mwendo mmoja. Kwenye kioo imeandikwa fremu 30 kwa sekunde, na shangazi hana sababu ya kutilia shaka. Lakini taa za ukumbi zikipunguzwa, sensa ya simu inahitaji muda mrefu zaidi kukusanya mwanga kwa kila fremu. Kwa fremu 30, fremu moja haiwezi kupata zaidi ya sehemu 1 ya 30 ya sekunde. Simu ikishuka hadi 24, kila fremu inapata robo zaidi ya mwanga, na picha haiwi na chengachenga. Simu nyingi hufanya hivyo zenyewe bila kumuuliza mtu. Joto likizidi, au prosesa ikiwa na kazi nyingi, fremu nyingine hurukwa kabisa.

Kwa simu hilo si kosa. Kila fremu ndani ya faili imeandikiwa muda wake wa kuonyeshwa, na kichezaji cha simu husoma muda huo kwa uaminifu. Ndiyo maana shangazi atakwambia, tena kwa kiapo, kwamba kwenye simu yake mambo yako sawa. Anasema kweli. Ugomvi unaanza klipu inapoingia kwenye taimlaini, ambayo ni safu ya nafasi zilizolingana: 25 kwa sekunde, au 30, au 50, kutoka mwanzo hadi mwisho. Programu nyingine siku hizi husoma muda wa kila fremu na kuipanga inavyostahili. Nyingine husoma namba moja tu juu ya faili na kupanga fremu zote kwa namba hiyo. Sauti, ambayo simu huirekodi kwa mwendo usiobadilika, inabaki na urefu wake halisi.

Tufanye hesabu ya klipu ya shangazi. Dakika 4 za kwanza taa zote zinawaka: fremu 30 kwa sekunde kwa sekunde 240 ni fremu 7,200. Kisha MC anaomba taa zizimwe, keki inaingizwa kwa fataki, sekunde 30 za giza. Simu inashuka hadi 24, zinapatikana fremu 720 badala ya 900. Taa zinarudi, mjomba anasimama, na dakika 5 na nusu zilizobaki zinatoa fremu 9,900. Jumla ni fremu 17,820 ndani ya sekunde 600.

Programu ikiamini ile 30 iliyoandikwa, itapanga fremu 17,820 katika sekunde 594. Zimekosekana sekunde 6. Lakini angalia zimekosekana wapi. Dakika 4 za kwanza mdomo na sauti viko pamoja kabisa. Ndani ya zile sekunde za giza picha inaanza kutangulia, na taa zinaporudi imeshatangulia kwa sekunde 6. Kuanzia hapo pengo halikui wala halipungui. Mhariri akijaribu kutibu kwa kuivuta picha yote iwe na urefu wa sauti, ataharibu dakika 4 zilizokuwa nzima.

Programu ya aina nyingine hutafuta wastani. Fremu 17,820 kwa sekunde 600 ni 29.7 kwa sekunde. Ikipanga hivyo, picha na sauti vinaanza pamoja na kuisha pamoja, na mhariri anayejaribu mwanzo na mwisho pekee anaridhika. Katikati kumeharibika. Kufikia dakika ya 4 picha iko nyuma kwa karibu sekunde 2 na nusu. Sekunde 30 baadaye, giza linapoisha, iko mbele kwa sekunde 3 na kidogo, na pengo hilo linapungua taratibu mpaka mwisho. Mjomba anatoa nasaha zake zote ndani ya eneo hilo. Mimi naiona hii kuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu inapita mtihani ambao watu wengi huufanya.

Umbo la pengo ndilo linaloeleza chanzo. Pengo linalozaliwa ghafla penye giza na kubaki palepale ni la simu yenye mwendo unaobadilika. Linalokua kidogokidogo kwa usawa tangu sekunde ya kwanza mara nyingi ni la kuchanganya 30 na 29.97, tofauti hiyo ni ndogo, sekunde 3.6 kwa saa nzima, kwa hiyo kwenye klipu ya dakika 1 hutaiona. Na pengo ambalo ni lilelile mwanzo, kati na mwisho halihusiani na fremu kabisa: sogeza sauti, kazi imekwisha. Kwa hiyo angalia sehemu tatu, na ya kati iwe ni mahali mwanga ulipobadilika.

MediaInfo itakuthibitishia. Kwenye `Frame rate mode` itaandika `Variable`, na chini yake kiwango cha chini na cha juu. Kiwango cha chini 29.9 na cha juu 30.1 ni mtetemo wa kawaida wa simu na mara nyingi haudhuru. Kiwango cha chini kikiwa 24 au 15, usiiweke kwenye taimlaini bado.

Dawa ni kuigeuza klipu iwe na mwendo mmoja kabla ya kuhariri, kwa chombo kinachosoma muda wa kila fremu. Panapokosekana fremu, kinarudia iliyotangulia, palipozidi, kinatupa. Programu ya bure ya HandBrake ina chaguo la `Constant Framerate` kwenye ukurasa wa video, nalo linatosha kwa wengi. Kwa `ffmpeg`:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=50 -af aresample=async=1 -c:v libx264 -crf 14 -c:a pcm_s16le simu50.mov
```

Sehemu ya `aresample` huziba mapengo madogo ya sauti ili nayo isikimbie. Ukishapata faili jipya, hariri kwa hilo tu. Ukianza na la zamani ukalibadilisha katikati ya kazi, sehemu ulizokata zitahama, kwa sababu fremu ya 7,500 ya faili la kwanza si fremu ya 7,500 ya la pili.

Kwa nini 50? Hilo ni chaguo langu na wapo watakaolipinga. Kanda na kamera zimeshatupa fremu 50 halisi, na harusi imejaa watu wanaocheza. Taimlaini ya 50 inawapa haki yao. Klipu ya simu ya 30 ndiyo inayolazimika kujibana. Kwenye taimlaini ya 50, kila fremu 3 zake zinajaza nafasi 5, mbili zikirudiwa. Kwenye taimlaini ya 25, fremu 1 kati ya kila 6 inatupwa. Mzee aliyesimama akitoa nasaha hutaona lolote kwa njia yoyote ile. Simu ikizungushwa ukumbini kutoka meza hadi meza, kule kutupwa kwa fremu kunaonekana kama mkwaruzo unaorudi mara 5 kila sekunde. Familia ikitaka toleo la 25, chukua fremu moja na kuacha moja kutoka kazi iliyokamilika.

Kuna klipu nyingine zitakazokuja kwa WhatsApp, na hizo zimebanwa upya njiani, fremu na ubora vikapunguzwa. Kuzigeuza ziwe na mwendo mmoja kutaokoa sauti ila hakutarudisha kilichotupwa. Mwombe aliyezirekodi azitume upya kama hati, si kama video, na faili litafika kama lilivyotoka kwenye simu, mradi bado hajalifuta.

Ukipata nafasi ya kuzungumza na ndugu kabla ya sherehe, kuna mambo mawili ya kuwaomba. Kwenye iPhone, ndani ya mipangilio ya kamera, upande wa kurekodi video, kuna swichi ya `Show PAL Formats` inayoleta chaguo la fremu 25, na palepale kuna `Auto FPS`, ambayo ndiyo inayoruhusu simu kushuka gizani, izimwe. Fremu 25 zina faida nyingine: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za kumbi hucheza kwa mdundo wake, kwa hiyo simu ya 30 huweza kuonyesha mikanda ya kivuli ikipanda ukutani wakati ya 25 inatulia. Simu nyingi za Android hazina 25 kwenye kamera yake ya kawaida, na mtu huhitaji programu ya kurekodi yenye udhibiti wa mkono. Hata hapo mwendo hautakuwa sawa kama wa kamera. MediaInfo bado itaandika `Variable`, na faili bado litapitishwa kwenye amri ile, ila sasa pengo la kuziba litakuwa la fremu chache badala ya sekunde 6.